Jani, mbegu na kopo: historia ndefu ya kukesha na tansio inayopanda

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Beni, kando ya papa mmoja mhami aliyetoka upande wa Eringeti. Yeye ni sentineli: usiku analinda depo ya mbao, mchana anatafuta kibarua ili watoto wale. Ilikuwa saa tatu asubuhi, alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kichwa kinamgonga na moyo unakimbia. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, akapima, akapumzika kidogo, akapima tena. Ilikuwa 172 juu na 106 chini. Kwa lugha yetu ya kila siku, kumi na saba kwa kumi na nusu.

Muuguzi akamuuliza: "Papa, usiku ulikunywa nini?"

Papa akajibu haraka, kama mtu anayejitetea: "Mimi pombe sinywi, mama. Nilikunywa kahawa tu. Na lile kopo la nguvu. Na majani kidogo ya mairungi, dereva mmoja wa lori alinigawia. Ni ya kuondoa usingizi tu."

Jibu hilo lilinirudia kichwani siku nyingi. Papa alidhani anaulizwa kama amelewa, lakini muuguzi alikuwa anauliza habari ya moyo na mishipa. Nilipoanza kusoma historia ya vitu hivi vitatu, nilikuta kwamba binadamu wote walikaa kwenye kosa hilohilo karibu miaka 400. Waliuliza kama kahawa na majani vinalevya, na hawakuwa na njia ya kuuliza vinafanya nini ndani ya mishipa.

Swali la Maka

Kahawa na mairungi vina nyumba moja ya zamani: milima ya Ethiopia, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu, milima ya Yemen. Katika karne ya 15, huko Yemen, watu wa tarika za Kisufi walikunywa kahawa ili wakeshe katika ibada ya usiku. Mairungi nayo, ambayo Waarabu wanaiita qat, ilitafunwa kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya vitu hivi ilikuwa kumsaidia mtu kuushinda usiku, kama Papa sentineli anavyotafuta leo.

Kahawa ilipofika Maka, ilileta ugomvi. Mwaka 1511 mkuu wa mji, Khair Beg, aliwakusanya wanasheria na waganga, kahawa ikawekwa mbele yao kama mshitakiwa mbele ya hakimu. Swali kubwa lilikuwa hili: je, kinywaji hiki kinalevya kama divai? Kahawa ikapigwa marufuku, lakini marufuku haikudumu, kwa sababu wakubwa wa Kairo waliokuwa juu ya Khair Beg hawakuikubali.

Swali lao lilikuwa na maana kwa wakati wao, maana sheria ya dini ilihusu ulevi. Lakini jibu la "hailevyi" likageuka polepole kuwa "haina shida". Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na akili timamu kabisa, anazungumza vizuri, anatembea bila kuyumba, huku damu inasukuma kuta za mishipa yake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Tansio haina harufu mdomoni.

Wazungu wawili na mkanda mmoja

Elimu ya vitu hivi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa 1762 msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark ulifika Yemen. Ndani yake alikuwemo mtaalamu wa mimea, Peter Forsskål. Alikusanya majani ya qat na kuyaandika, lakini Julai 1763 akafa hukohuko Yemen kwa malaria. Mwenzake Carsten Niebuhr, aliyebaki hai, ndiye aliyechapisha maandishi yake mwaka 1775. Hivyo mairungi ikaingia katika vitabu vya sayansi.

Ngazi ya pili ilikuwa mwaka 1819. Kijana wa Kijerumani aliyeitwa Friedlieb Ferdinand Runge alikuwa amepewa mbegu za kahawa na mwandishi mashuhuri Goethe ili azichunguze. Ndani yake akatoa unga mweupe mchungu. Huo ndio kafeini. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba nguvu ya kahawa ni kitu kinachoweza kutengwa na kupimwa kwenye mizani.

Lakini bado hakuna aliyeweza kuona kafeini inafanya nini kwa msukumo wa damu, kwa sababu kipimo cha kufaa kwa kila mgonjwa hakikuwepo. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mkanda wa kufunga kwenye mkono, unaojazwa upepo mpaka mapigo yanapotea. Mkanda wake ulionyesha namba ya juu tu. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaongeza jambo dogo lenye faida kubwa: aliweka chombo cha kusikiliza chini ya mkanda, akasikia sauti zinapoanza na zinapokwisha. Zinapoanza ndiyo namba ya juu, zinapokwisha ndiyo namba ya chini.

Hesabu mwenyewe, msomaji. Kutoka kikao cha Maka mpaka mkanda wa Riva-Rocci ni miaka 385. Katika muda huo wote mwenye tansio kwa kawaida alijulikana baada ya kuanguka.

Kahawa kali ilitoka kwetu

Hapa historia inaingia Kongo. Kahawa ya Yemen na Ethiopia ni arabika. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa kutu ya majani uliharibu mashamba ya arabika huko Asia, na wakulima wakatafuta mti mgumu zaidi. Ulipatikana katika misitu yetu. Mtaalamu wa Ubelgiji, Émile Laurent, alichukua kahawa ya pori katika eneo la Lomami. Mbegu zikapelekwa Brussels, duka moja la mimea likazitangaza mwaka 1900 kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu, na muda mfupi baadaye zikasafirishwa mpaka kisiwa cha Java. Leo robusta inalimwa sehemu nyingi za dunia, na hapa Beni tunaijua vizuri.

Waliiita yenye nguvu kwa sababu mti wake unavumilia ugonjwa. Lakini kikombe chake nacho kina nguvu. Mbegu ya robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika: takriban gramu 2 hivi katika gramu 100, wakati arabika iko karibu na gramu 1 na kidogo. Kwa hiyo mtu anayesema "kikombe kimoja tu" hajasema chochote mpaka aseme ni kahawa gani na kijiko kilijaa namna gani. Gramu 10 za unga wa robusta, zikichemshwa vizuri sufuriani, zinaweza kutoa karibu miligramu 200 za kafeini. Hicho ndicho kiwango ambacho wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asikipite kwa mara moja. Kwa siku nzima walisema asipite miligramu 400, na mama mjamzito asipite 200 kwa siku nzima.

Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliwapa watu tisa wasiozoea kahawa miligramu 250 za kafeini. Tansio yao ya juu ilipanda kwa 14 na ya chini kwa 10, na adrenalini ikaongezeka katika damu. Sababu yake inaeleweka. Kadiri siku inavyokwenda, mwili unakusanya kitu kinachoitwa adenosini, kinachouambia ubongo kwamba tumechoka, na pia kinalegeza mishipa ya damu. Kafeini inakalia kiti cha adenosini. Uchovu haujaondoka, umezuiwa mlangoni tu, na mishipa inakosa ile amri ya kulegea.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu ni kweli. Madaktari haohao waliona kwamba mtu akinywa kafeini kila siku, mwili unazoea ndani ya siku chache na kupanda kule kunapungua sana. Ndiyo maana mama anayekunywa kikombe kimoja kila asubuhi miaka yote si lazima awe na tansio kwa sababu ya kahawa. Hatari iko zaidi kwa asiyezoea anayekunywa nyingi kwa mara moja, na kwa yule ambaye tansio yake tayari ni kubwa. Huko Japani walifuata watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19, matokeo yakatoka mwaka 2022. Wale waliokuwa na tansio ya 160 kwa 100 au zaidi, na wakanywa vikombe viwili au zaidi kwa siku, walikufa kwa moyo na kiharusi mara mbili kuliko wenye tansio hiyo wasiokunywa kahawa. Kwa wenye tansio ya chini ya hapo, tofauti hiyo haikuonekana.

Papa sentineli alikuwa na 172 kwa 106.

Kwa nini mairungi hukimbizwa barabarani

Atakayekuwa amepita Kenya, upande wa Meru, ameona mairungi, ambayo kule wanaiita miraa, ikifungwa kwenye majani ya mgomba na magari yakiondoka kwa kasi. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Kwa muda mrefu wataalamu walijua kitu kimoja ndani ya jani, katini, lakini kilikuwa dhaifu kuliko nguvu ambayo watafunaji wenyewe walieleza. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi, ikapata kitu chenye nguvu zaidi: kathinoni. Kumbe jani likinyauka, kathinoni inageuka kuwa katini. Waliotangulia walikuwa wanachunguza majani makavu. Baada ya siku mbili hivi jani limepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na wafanyabiashara walijua hilo kabla ya maabara.

Kathinoni haifanani na kafeini katika kazi yake. Ni ndugu wa dawa kali zinazoitwa amfetamini. Inafungua ghala ambamo mishipa ya fahamu inaweka noradrenalini, ile inayotoka mtu anapokutana na hatari. Moyo unapiga mbio na mishipa ya damu inajikaza, vyote kwa wakati mmoja. Mtu aliyekimbia milio ya risasi anaijua hali hiyo. Mwenye kutafuna anaileta mwenyewe, akiwa amekaa.

Huko Yemen watu 80 wenye afya walitafuna majani mabichi kwa saa tatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Tansio ya juu, ya chini na mapigo vyote vilipanda muda wote wa kutafuna, na saa moja baada ya kutema havikuwa vimerudi mahali pake. Kisha madaktari wa nchi hiyo wakaangalia saa ambazo wagonjwa wa shambulio la moyo walifika hospitali. Sehemu nyingi za dunia shambulio hilo hutokea zaidi asubuhi. Kwa watafunaji wa Yemen lilitokea zaidi kuanzia alasiri mpaka usiku, ambazo ndizo saa za kikao cha qat.

Kopo la madereva

Kopo ndilo lenye umri mdogo katika hawa watatu. Mwaka 1962 kampuni ya Taisho ya Japani ilianza kuuza kichupa kidogo cha kuondoa uchovu, Lipovitan. Katika miaka ya 1970 mfanyabiashara wa Thailand, Chaleo Yoovidhya, alitengeneza cha kwake, Krating Daeng, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori na vibarua wa zamu za usiku. Mwaustria Dietrich Mateschitz akakichukua, akakibadilisha kidogo, na mwaka 1987 kikaanza kuuzwa Austria kwa kopo lenye gesi. Kwa hiyo toka mwanzo kinywaji hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeruhusiwa kulala.

Makopo mengi yana miligramu 32 za kafeini katika mililita 100, na yameandika hivyo ubavuni. Kopo dogo la mililita 250 lina 80, kubwa la 500 lina 160. Tofauti na kahawa ya moto, kopo ni baridi na tamu, linamezwa kwa dakika mbili. Na lina vitu vingine: sukari nyingi, taurini, na mara nyingine mimea yenye kafeini yake. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio kwa vijana 25 wenye afya. Siku moja walipewa kinywaji cha nguvu chenye miligramu 240 za kafeini, siku nyingine kinywaji kinachofanana nacho bila kafeini. Siku ya kinywaji cha nguvu tansio ya juu ilipanda kwa asilimia 6 hivi, siku nyingine asilimia 3. Noradrenalini ilipanda kwa asilimia 74, siku nyingine 31. Hao walikuwa vijana, wamekaa, wametulia.

Usiku wa Papa, saa kwa saa

Sasa turudi kwenye benchi letu. Muuguzi alimwomba Papa ahesabu usiku wake. Saa mbili usiku alikunywa kikombe cha robusta kilichochemshwa kwa kijiko kilichojaa: tuseme miligramu 200. Saa tano, kopo kubwa: 160. Kafeini inahitaji karibu saa tano ili nusu yake itoke mwilini, kwa hiyo saa tano usiku ile ya kahawa ilikuwa bado imebaki zaidi ya nusu. Saa saba usingizi ukarudi, akaanza kutafuna mairungi mpaka karibu na alfajiri. Kila kimoja kilikuta kazi ya mwenzake haijaisha. Juu ya hayo, hakulala.

Muuguzi hakusema palepale kwamba Papa ana ugonjwa wa tansio. Alisema namba ya asubuhi hiyo haitoshi kuhukumu, na alimwambia arudi baada ya wiki bila jani na bila kopo, na asinywe kahawa asubuhi ya kupimwa. Pia alimwonya kwamba mtu akiacha kafeini ghafla, kichwa kinaweza kuuma kwa siku chache, kisha kinatulia. Wengi hukimbilia kahawa hapo wakidhani ni tansio, na mzunguko unaanza upya. Afadhali kupunguza polepole. Mwisho alimpa amri moja: kifua kikibana, macho yakiona ukungu, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, asingoje wiki, aje hata usiku.

Papa alirudi. Safari hii alikaa dakika tano bila kuzungumza, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Namba ilikuwa 148 kwa 94.

Namba hiyo ina mambo mawili ndani yake. La kwanza, tofauti ya 24 kwa namba ya juu: sehemu yake ni jani, mbegu na kopo, sehemu ni usingizi aliopata. La pili, hata bila vitu hivyo bado amepita 140 kwa 90, mpaka ambao ukivukwa kwa siku tofauti ndipo linatajwa jina la ugonjwa. Yaani vitu vile havikuumba tansio yake. Vilipanda juu ya ile iliyokuwepo, ambayo yeye hakuijua. Katika kipimo cha tatu namba ilikaa palepale, akaanzishiwa dawa. Muuguzi akamweleza kwamba kumeza kidonge cha kushusha asubuhi na kutafuna jani usiku ni kama watu wawili kusukuma mlango mmoja, mmoja ndani, mwingine nje.

Kazi ya usiku Papa hawezi kuiacha, ndiyo inayolisha nyumba. Amepatana na mwenzake walinde wawili wawili, kila mmoja alale saa mbili kwa zamu. Kahawa amebakiza kikombe kimoja mwanzo wa usiku, kijiko kidogo. Jani amelikataa, kopo amelikataa.

Na muuguzi yule ameongeza mstari katika daftari lake la kupima. Zamani alikuwa anauliza "unakunywa pombe?" Sasa chini yake ameandika: kahawa, kopo, mairungi, saa ngapi? Nilimuona akimuuliza hivyo motari aliyefuata kwenye benchi. Kijana akacheka kwanza, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.